Mgongo wa kukaa ofisini: uukunje mbele au uupinde nyuma?

Mi ni karani, naingiza kwenye kompyuta hesabu za marobota ya tumbaku, na msimu wa masoko ukifika huku Tabora mtu unakaa kitini tangu saa mbili asubuhi mpaka giza linaingia, unainuka kwenda msalani na kula tu. Mwaka juzi katikati ya msimu mgongo ulinishika kwa chini, usawa wa mkanda wa suruali upande wa kulia, afu baada ya kama wiki mbili maumivu yakaanza kushuka kwenye tako mpaka nyuma ya paja. Kila niliyemwambia alikua na zoezi lake. Mwenzangu mmoja kazini akasema lala chali, vuta magoti kifuani, yeye ndo lilimtoa. Jirani yangu Isevya akanionyesha kulala kifudifudi na kusukuma kifua juu, na yeye akasema ndo lilimtoa.

Wote wawili walikua wanasema kweli, na hapo ndo penyewe. Hayo mazoezi yanaenda pande mbili zinazopingana, moja linakunja mgongo mbele jingine linaupinda nyuma, na mgongo unaouma mara nyingi una upande mmoja unaoutaka na mwingine unaouchokoza. Mi nilianza na la magoti kifuani kwa sababu lilikua tamu, ukivuta unasikia mgongo unaachia, nikalifanya siku nne mfululizo asubuhi na jioni, na siku ya nne maumivu yalikua yameshuka toka kwenye paja mpaka kwenye kigimbi cha mguu. Utamu wa zoezi wakati unalifanya haukuniambia kitu. Kilichokua kinaniambia ukweli ni ule mguu na sikuujali.

Kwahiyo nawawekea haya mawili bega kwa bega, jinsi ya kujua lako ni lipi, afu nimalizie na ukaaji wenyewe maana zoezi la dakika mbili haliwezi kushindana na masaa tisa ya kukaa vibaya.

Kwanza elewa kiti kinafanya nini

Katikati ya pingili moja ya uti na nyingine kuna diski, ichukulie kama kamto kadogo ka kulalia, ngozi yake ya nje ni ngumu na ndani kuna kitu kama ute mzito. Ukiinama mbele, diski inabanwa upande wa tumboni, na upande wa mgongoni ngozi yake pamoja na kano vinavutika. Ukiinama kuokota kitu na kunyanyuka hakuna neno, mwili umeumbwa hivo. Ila mtu aliyekaa kwenye kiti huku kiuno kimerudi nyuma na mgongo umepinda kama upinde, huyo pia ameinama, tofauti yake na mtu anayelima ni kwamba yeye haonekani. Kano zikivutwa taratibu kwa muda mrefu zinalegea kidogo kidogo, na ndo maana ukinyanyuka baada ya masaa matatu unatembea hatua za kwanza umepinda.

Sa mtu aliyeinama masaa tisa, jioni akalala chali akavuta magoti kifuani, ameongeza kuinama juu ya kuinama. Kwa wengi wetu tulio kwenye miaka ya 20 mpaka 50 na kazi za kukaa, mgongo unaomba kinyume chake. Nasema wengi, sisemi wote, na mbele nitawaeleza mama mdogo wangu ambaye ni kinyume kabisa.

Huu mtindo wa kutafuta upande unaoupendeza mgongo ulitoka kwa mtaalamu wa fiziotherapia wa Nyuzilandi, Robin McKenzie. Mwaka 1956 kule Wellington alikua na mgonjwa ambaye mguu ulimuuma kwa wiki kadhaa na hajapata nafuu, akamwambia apande kitandani alale kifudifudi amsubiri. Upande wa kichwani wa kile kitanda ulikua umeachwa umenyanyuliwa, mgonjwa akalala hivohivo mgongo umepinda nyuma, na McKenzie aliporudi akakuta mtu anasema mguu umeacha kuuma. Kilikua kitu kimetokea kwa bahati, ila yeye akakifuatilia kwa miaka mingi, na alichokuja kukisisitiza ni hiki: angalia maumivu yanahamia wapi. Yakiondoka mguuni yakarudi kukusanyika katikati ya mgongo, upande unaoufanya ni sahihi, HATA KAMA mgongo wenyewe kwa muda unauma zaidi kuliko mwanzo. Yakiondoka mgongoni yakashuka mguuni, unaenda pabaya hata kama mgongo umepoa. Wataalamu bado wanabishana ndani ya diski hua kinatokea nini hasa, ila alama hiyo ya kuhama wengi wanaitumia mpaka leo.

La kwenda nyuma

Tandika mkeka chini, usifanyie kwenye godoro maana linabonyea na kiuno hakipati pa kukaa. Lala kifudifudi, uso umegeuka pembeni, mikono imelala ubavuni, kaa hivo dakika mbili au tatu bila kufanya chochote, acha mgongo ulegee. Hapo tu mtu mwenye maumivu makali anaweza asiende mbele zaidi kwa siku ya kwanza na ni sawa. Afu inuka uegemee viwiko, viwiko viwe chini ya mabega, kifua kiko juu tumbo liko chini, dakika mbili tatu tena. Mwisho weka viganja kama unataka kupiga pushapu na unyooshe mikono taratibu, kifua kipande ila kiuno na miguu vibaki vimelala, kaa sekunde moja au mbili, shuka. Mara 10. Rudia kila baada ya masaa mawili au matatu ukiwa macho.

Watu wanaharibia hapa: wanakaza makalio na tumbo, kiuno kinanyanyuka na mwili mzima unapanda kama ubao, hiyo sasa ni pushapu kweli na mgongo haujapinda hata kidogo. Mikono ndo ifanye kazi yote, kuanzia kiunoni kwenda chini uwe kama mtu aliyelala usingizi. Ukifika juu toa pumzi yote, utaona kiuno kinazama chini chenyewe kama inchi moja zaidi, na huko kuzama ndo zoezi lenyewe.

Ofisini huwezi kulala sakafuni, kwahiyo simama, miguu imeachana kidogo, viganja kiunoni vidole vimeelekea chini, pinda kiwiliwili kwenda nyuma kadri unavyoweza huku magoti yamenyooka, rudi, mara 5 mpaka 10. Hili la kusimama lina nguvu ndogo kuliko la mkekani ila linafanyika popote, mi nalifanya kila ninapoenda kuchukua karatasi kwenye printa.

La kwenda mbele

Lala chali, magoti yamekunjwa na nyayo ziko chini. Nyanyua magoti yote mawili kuelekea kifuani, yakumbatie kwa mikono, vuta taratibu mpaka makalio yanataka kuachia mkeka, sekunde moja au mbili, legeza bila kuachia kabisa, vuta tena. Mara 10, kwa siku mara tatu au nne zinatosha. Usinyanyue kichwa, na unapomaliza shusha mguu mmoja mmoja ukiwa umekunjwa, ukiishusha yote miwili imenyooka unakaza mgongo ghafla na unapoteza ulichokipata.

Zuri la hili zoezi ni kwamba ni rahisi, halihitaji nguvu ya mikono, mtu mzee analiweza. Baya lake ni ule utamu niliousema, linamdanganya mtu wa aina yangu. Na kuna saa ambayo karibu mtu yeyote mwenye mgongo mbovu wa diski asilifanye: lile saa moja au mawili baada ya kuamka. Usiku ukilala diski zinanyonya maji zinavimba, ndo maana asubuhi binadamu ni mrefu kidogo kuliko jioni, na diski iliyojaa maji ukiikunja inabanwa zaidi. Ukitaka kujipima angalia hili, kufagia uwanja alfajiri kwa ufagio mfupi kunauma kuliko kufagia jioni uwanja uleule. Mi nililigundua kwenye swala, rukuu ya alfajiri ilikua inanikata, ya adhuhuri wala siisikii, na nilidhani ni baridi ya asubuhi. Kwa muda ule nikawa naswali alfajiri nimekaa mpaka nilipopona, mgonjwa anaruhusiwa.

Utajuaje wewe ni wa upande gani

Kabla hujafanya zoezi lolote anza na maswali mawili. Ukikaa muda mrefu au ukiinama kufunga kamba za kiatu yanazidi, ukisimama na kutembea yanapungua? Huyo anaelekea kua wa nyuma. Ukisimama foleni au ukitembea mwendo yanazidi, miguu inakua mizito, ukikaa au ukiinama mbele unapata nafuu? Huyo anaelekea kua wa mbele, na mara nyingi umri wake umeshavuka 50 au 60.

Afu jipime, jioni ndo saa nzuri. Siku ya kwanza kabla ya kulala chini weka kidole pale maumivu yanapoishia mbali kabisa, sio pale yanapouma sana, pale YANAPOISHIA, tuseme nyuma ya goti. Inama mbele taratibu ukiwa umesimama uone vidole vinafika wapi, kwenye magoti, kwenye ugoko. Fanya zoezi la nyuma mara 10, simama, tembea kidogo ndani, afu weka kidole tena na uiname tena. Mwisho wa maumivu umepanda toka kwenye goti kuja kwenye paja, au vidole vinashuka chini zaidi kuliko mwanzo? Umepata upande wako, siku ya pili hata usihangaike na lingine. Mwisho umeshuka kwenda kwenye kigimbi na umebaki hukohuko baada ya dakika kumi? Acha, kesho yake jioni jaribu la mbele kwa kipimo hichohicho.

Kuna wa tatu, ambaye hakuna lolote linalobadilika kwa upande wowote. Huyo ana maumivu ambayo hayana upande, misuli imechoka na kukaza tu, na kwake kutembea nusu saa kila siku na kuinuka mara kwa mara kutamsaidia kuliko zoezi lolote kati ya haya mawili. Akipitisha kama wiki mbili bila nafuu amuone mtu wa fizio ampime kwa mikono.

Na kuna ambaye asijipime kabisa. Ukiona ganzi sehemu za siri au pale unapokalia tandiko la baiskeli, mkojo hautoki au hujui umetoka saa ngapi, au unyayo unaburuta hauwezi kunyanyua vidole, hiyo ni hospitali leoleo hata kama ni usiku, mishipa ya fahamu inabanwa na inaweza isirudi. Mgongo unaouma usiku na mchana bila kujali umekaaje, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua mwili, nenda ukapimwe kifua kikuu, maana TB inaingia kwenye uti wa mgongo na watu wengi wanaijua ya kifua tu. Hali kadhalika aliyeanguka kwenye bodaboda, na mwenye maumivu ya ubavuni na homa na mkojo unaochoma, huyo pengine ni figo.

Mi na mama mdogo

Mi baada ya zile siku nne mbaya nilienda hospitali, foleni ndefu, nikapata vidonge vya maumivu na nikaambiwa nikapumzike nilale wiki nzima. Nililala siku mbili nikawa mgumu kama gogo. Kulala kitandani muda mrefu ni ushauri wa zamani, siku hizi inajulikana kunachelewesha kupona, ila mi nilikua sijui. Siku ya tatu nikaenda hospitali nyingine kwa mtu wa fizio, dada mmoja mtulivu sana, akanilaza kifudifudi akaniacha dakika tano ndo akaanza kuniuliza maswali.

"Kaka, mguu unauma mpaka wapi sasa hivi?"

"Mpaka kwenye kigimbi, dada."

Akaniinua kwenye viwiko. Baadae akanisukumisha mikono mara kumi, nilipofika mara ya sita mgongo ukauma kwelikweli nikataka kuacha.

"Mgongo achana nao kwanza, mguu niambie."

Nikatulia nikausikiliza mguu, kigimbi kilikua kimenyamaza. Maumivu yalikua yamepanda nyuma ya goti. Akasema basi, dawa yako ni hiyo, ukafanye kila masaa mawili na usiiname kwa siku kadhaa, kiatu kivae ukiwa umekunja goti mguu umeuweka kwenye kiti.

Siku ya pili yaliishia kwenye paja, siku ya nne kwenye tako, siku ya sita au ya saba hivi yalibaki mgongoni peke yake katikati, na yalikua makali, mtu asiyeambiwa angesema hali imekua mbaya. Siku ya kumi nikaanza kukaa saa zima bila kuyasikia. Kati hapo nilikosea mara moja, nilipanda gari kwenda Urambo nikakaa siti ya nyuma nimejikunja, nikashuka paja linauma tena, nikatafuta kivuli pembeni ya stendi nikafanya lile la kusimama mara kumi, nikapumzika, nikarudia kumi, yakarudi mgongoni kabla sijapata bodaboda.

Nilifurahi mno, kila mtu nikawa namfundisha kulala kifudifudi. Mama mdogo wangu anakaa Ipuli, ana miaka 67, alikua mhasibu na mpaka leo anawaandikia watu vitabu vya vikoba mezani kwake masaa mengi, na yeye alikua analalamika mgongo na miguu. Nikamfundisha langu. Baada ya siku tatu akanipigia, "Baba, hili zoezi lako limenimaliza, jana nimeshindwa kufika sokoni, nimekaa njiani mara mbili." Nikaenda. Nilipomuuliza vizuri nikasikia aibu kwamba sikuuliza mwanzo: yeye mezani haumwi, akikaa kwenye vitabu vyake ndo anapumzika, anaumwa akisimama jikoni muda mrefu na akitembea, na akiegemea mbele kwenye tolori ya muuza maji anapata nafuu anaendelea. Kwa watu wa umri wake njia ambayo mishipa ya fahamu inapita ndani ya uti inakua imepungua upana, ukipinda nyuma inabana zaidi, ukikunja mbele inafunguka. Kitu kilekile kilichoniponya kilikua kinambana. Akahamia kwenye magoti kifuani, jioni na saa nne asubuhi, na njiani akichoka anakaa anainama kidogo kama dakika mbili, anaendelea. Hajapona moja kwa moja maana ule upana haurudi kwa zoezi, ila sokoni anafika. Nilimpeleka pia kwa yuleyule dada wa fizio na akasema vivyo hivyo.

Kwahiyo nikichagua kwa ajili ya mtu nisiyemjua, mwenye miaka 30 au 40, anayeshinda kwenye kompyuta, ningemwanzisha na la nyuma na kumwambia asikilize mguu. Kwa mzee ningeanza na maswali.

Ukaaji: taulo, kiti kipya, mkanda, au kuinuka

Kiti cha plastiki ambacho ofisi nyingi za huku zinatumia kimelala kwa nyuma, makalio yanateleza yanazama na kiuno kinapinda chenyewe. Watu wanasema nyoosha mgongo kaa kama askari, jaribu uone, dakika tano unachoka na unarudi palepale. Kinachosaidia ni kujaza lile pengo la kiunoni. Chukua taulo au khanga mbili, zikunje roli nene kama sentimita 10, funga na mpira, iweke usawa wa mkanda wa suruali, afu sukuma makalio mpaka mwisho wa kiti ndo uegemee. Ukiiweka juu kwenye mbavu inakusukuma mbele na ukiiweka chini kwenye makalio haifanyi kitu. Kujua kiwango, jikunje mpaka mwisho kama mtu anayesinzia, afu jipinde nyuma mpaka mwisho, afu rudi kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi, hapo ulipo ndo pa kukaa. Roli ni ya kukushikilia hapo bila kukaza misuli. Mama mdogo yeye roli haipendi na sijamlazimisha.

Kiti cha ofisi chenye magurudumu ukiweza kununua nunua, ila kitu cha maana ni kiweze kupanda na kushuka ili nyayo zikae chini na nyonga iwe juu kidogo ya magoti. Kiti cha laki tatu ambacho unakalia ncha ya mbele umeinamia laptopu hakina tofauti na kigoda. Laptopu ndo mchawi hapo, skrini iko chini kichwa kinaifuata na mgongo unafuata kichwa. Mi nimeweka rimu tatu za karatasi chini ya laptopu, kila moja ina kama sentimita 5, nikanunua kibodi ya pembeni, sikuhitaji zaidi.

Mkanda wa mgongo ule mpana wa kubana tumbo, wanaupitisha mpaka maofisini. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mwezi Desemba 2023 kuhusu maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini, na mikanda ni kati ya vitu ambavyo mwongozo ule hauvipendekezi, wakati mazoezi yamo kwenye vinavyopendekezwa. Hela ya mkanda nunua kibodi.

Ila kati ya vyote hivi, ukiniambia nikuachie kimoja tu, nakuachia kuinuka. Hata mkao mzuri ukikaa nao masaa matatu unakua mbaya. Mi naweka simu ilie kila nusu saa, nainuka, napinda nyuma mara tano, nakaa, haifiki dakika moja. Mwanzoni bosi aliuliza, nikamwambia, sasa hivi wawili wengine wanafanya. Kwa mtu wa zoezi la mbele akiinuka atembee tu kidogo, asipinde.

Kitu cha mwisho ambacho watu wa upande wangu wanakisahau. Ukishakaa wiki mbili hivi bila maumivu usiendelee kuogopa kuinama maisha yako yote, mgongo usiokunjwa unakakamaa, na siku utakapoinama kwa lazima utashtuka. Urudishe taratibu: lile la magoti kifuani mara tano, mchana sio asubuhi, na ukimaliza geuka hapohapo ufanye la kifudifudi mara tano. Siku tatu nne ukiona mguu umetulia, ongeza mpaka kumi. Mguu ukilalamika rudi nyuma wiki moja. Mi ilinichukua kama wiki tatu tangu nianze kuurudisha mpaka rukuu ya alfajiri ilipokua haina kitu, na ndoo ya maji nikaanza kuibeba tena, mkono wa kushoto kwanza.